Nyusi Kwenye Picha: Kuzinenepesha na Kuzipinda Bila Zionekane Zimechorwa

Kuna picha ukiiona tu unajua nyusi zimeguswa. Hujui hata umejuaje. Rangi ni nyeusi kama inavyotakiwa, umbo ni zuri, pande zote mbili zinalingana, lakini jicho lako linakataa. Picha za namna hiyo zipo kwenye kuta za sebule nyingi, kuanzia Mbinga mjini hadi chini ziwani Mbamba Bay: mtu amepigwa vizuri, kisha fundi wa studio akambandikia juu ya macho mistari miwili ya wino.

Leo tuone kwa nini inatokea hivyo, kisha tufanye kazi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Programu tutakayotumia ni GIMP 2.10, kwa sababu ni ya bure na inakwenda hata kwenye kompyuta ya kawaida. Ukielewa sababu, utaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwenye programu nyingine yoyote.

Kwanza, kwa nini nyusi zina uzito hivi

Mwaka 2003 watafiti watatu, Javid Sadr, Izzat Jarudi na Pawan Sinha, walichukua picha za watu maarufu wakazifanyia mambo mawili kwenye kompyuta. Nyingine waliziondoa macho, nyingine wakaziondoa nyusi, halafu wakawauliza watu: huyu nani? Wengi wetu tungedhani kuondoa macho ndiko kunakoharibu zaidi. Matokeo yakawa kinyume: watu walishindwa kuwatambua wasio na nyusi kuliko wasio na macho.

Kwa hiyo ukigusa nyusi unagusa utambulisho wa mtu. Ndiyo maana fundi anaweza kulainisha ngozi na kuondoa chunusi bila familia kusema neno, ila akikosea nyusi kidogo tu mjukuu anaangalia picha na kusema, "Mbona huyu siyo bibi?"

Siri iko kwenye pikseli

Unywele mmoja wa nyusi una unene wa karibu milimita 0.07. Sasa tujiulize, kwenye picha unachukua pikseli ngapi?

Ili kujua hilo unahitaji rula ndani ya picha, na bahati nzuri kila mtu anayo usoni. Ile duara yenye rangi kwenye jicho, yaani mboni pamoja na pete inayoizunguka, ina upana wa karibu milimita 11.7 kwa watu wazima, na tofauti kati ya mtu na mtu ni ndogo sana. Chukua kifaa cha `Measure`, pima upana wa duara hiyo kwa pikseli, kisha gawanya kwa 11.7. Ukipata pikseli 117, basi kila milimita moja ya uso ni pikseli 10.

Kwenye picha hiyo unywele wa milimita 0.07 una upana wa pikseli 0.7. Haujazi hata pikseli moja! Sehemu iliyobaki ya pikseli hiyo inajazwa na ngozi iliyo nyuma ya unywele. Tuseme unywele wenyewe una mwanga wa 30 kwenye kipimo cha 0 hadi 255, na ngozi ina 110. Kamera itaandika kwa makadirio hivi:

```
0.7 × 30 + 0.3 × 110 = 54
```

Umeona? Unywele ni mweusi wa 30, lakini pichani hakuna 30, kuna 54. Ongeza na ukungu mdogo wa lenzi, unapauka zaidi. Kwa hiyo nyusi halisi pichani ni mchanganyiko wa nywele na ngozi, unaobadilika pikseli kwa pikseli: hapa giza, pale ngozi inachungulia, pale unywele mmoja umeng'aa.

Fundi anayechukua brashi ya pikseli 6 yenye rangi nyeusi tupu anaweka kitu ambacho kamera isingeweza kukiona kamwe: unywele mnene mara nane au tisa, usio na ngozi ndani yake, wenye weusi ule ule mwanzo hadi mwisho. Jicho lako halijui hesabu hii, lakini limeona nyuso za watu maisha yako yote, na linajua hiyo siyo nywele.

Kwa ngozi nyeusi kama zetu kuna jambo la ziada. Tofauti ya mwanga kati ya ngozi na nyusi ni ndogo kuliko kwa mtu mweupe, kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachotuonyesha kwamba zile ni nywele ni mng'ao: vistari vyembamba vya mwanga vinavyopita juu ya nywele. Ukipaka weusi juu yake umeuzima mng'ao, na nyusi zinageuka doa. Ndiyo maana kwetu sisi nyusi za kuchorwa zinaonekana haraka hivyo.

Picha yetu ya mfano

Tuchukue mfano. Bibi wa Mbamba Bay anakaribia jubilei ya miaka 50 ya ndoa. Mjukuu amempiga picha kwa simu ufukweni, na familia inataka kuichapisha iwekwe kwenye fremu. Nyusi zake zimepungua kwa umri: kichwa cha unyusi, yaani upande wa karibu na pua, bado kimejaa, lakini mkia umebaki na nywele chache. Ngozi ya juu ya macho nayo imeshuka kidogo, hivyo upinde umelala. Ombi la familia ni kwamba mikia ijae na upinde unyanyuke kidogo, ila abaki yeye.

Kabla ya kufungua programu, muulize mjukuu alivyokutumia picha. Ikiwa alituma WhatsApp kama picha ya kawaida, imepunguzwa. Pima duara la jicho. Ukikuta lina pikseli 25 tu, kila milimita ni pikseli 2, na unywele ni sehemu ya saba ya pikseli. Hapo hakuna unywele mmoja mmoja unaoonekana, na ukichora hata mmoja umeshaharibu. Mwambie aitume tena kama `Document`, ifike nzima. Mwulize pia kama simu ilikuwa kwenye hali ya urembo, ile inayolainisha ngozi. Hali hiyo huwa inafuta nywele za nyusi pamoja na mikunjo, na kilichofutwa hakirudi. Ikiwa ndivyo, bora apigwe upya.

Tuseme picha ya bibi imefika nzima, na kila milimita ni pikseli 10. Unyusi una urefu wa pikseli 500, kichwa chake kina kimo cha pikseli 80, na pikseli 150 za mwisho, kwenye mkia, ndizo zenye upungufu.

Tenganisha kivuli na nywele

Jambo la kwanza ni kutazama mwanga unatoka wapi. Ufukwe wetu wa Ziwa Nyasa unatazama magharibi. Jioni jua linakuwa chini upande wa majini, na maji pamoja na mchanga yanarusha mwanga kwenda juu, hivyo ngozi iliyo chini ya nyusi inaangaza na nyusi zinaonekana nyembamba. Saa sita mchana ni kinyume: jua liko utosini, mfupa wa juu ya jicho unatupa kivuli, kivuli kinaungana na nyusi, na nyusi zinaonekana nene na zimeshuka. Mtu huyo huyo ukimpiga Mbinga mjini siku ya mawingu, mwanga ni laini na nyusi zinaonekana zilivyo.

Kwa hiyo kuza picha hadi asilimia 200 ujiulize: giza hili lina nywele ndani yake, au ni ngozi iliyokosa mwanga? Kivuli kina ukingo laini na ndani yake unaona vinyweleo vya ngozi. Kama shida ni kivuli, angaza kivuli kidogo, nyusi usiziguse. Picha ya bibi ilipigwa saa kumi na moja jioni, hivyo kivuli si tatizo. Upungufu wa mkia ni wa kweli.

Anza na upinde

Upinde unatangulia, unene unafuata. Ukiongeza nywele kwanza halafu ukavuta umbo, nywele ulizoongeza zitavutika na kupoteza wembamba wake.

Nakili leya ya picha kwa `Duplicate Layer`, ili ya chini ibaki salama. Chukua `Warp Transform` na uchague `Move pixels`. Ukubwa wa brashi ndio unaoamua kila kitu hapa. Wengi wanaweka brashi ndogo kuliko unyusi, wakidhani ndiyo usahihi, na matokeo yake ukingo unakuwa na mawimbi kama ufukwe. Weka `Size` karibu 200, yaani zaidi ya mara mbili ya kimo cha unyusi, ili unyusi wote usogee pamoja na ngozi inayouzunguka. `Hardness` iwe chini, na `Strength` iwe kati ya 20 na 30.

Sasa tafuta kilele. Kwa watu wengi kiko upande wa nje wa jicho, mahali fulani kati ya ukingo wa nje wa ile duara ya rangi na kona ya nje ya jicho. Lakini usikipange kwa rula. Angalia mfupa wake mwenyewe: pale ngozi inapong'aa juu ya unyusi ndipo mfupa ulipotokeza, na kilele kikae hapo. Sukuma juu kidogo kidogo mpaka ufike pikseli 10, tazama, kisha fika 20. Hiyo ni milimita 2, na kwa bibi inatosha. Pembeni mwa kilele sukuma nusu ya hapo ili mstari ushuke taratibu. Ukiridhika bonyeza Enter.

Kwa nini tusizidishe? Kwa sababu unyusi haunyanyuki peke yake. Mtu akiunyanyua kweli, msuli wa paji la uso unavuta, paji linakunjamana na jicho linafunguka zaidi. Ukinyanyua unyusi milimita 5 huku paji limetulia na jicho ni lile lile, unatengeneza uso ambao misuli ya binadamu haiwezi kuufanya. Mtazamaji atasema bibi ameshtuka, au "kuna kitu hakiko sawa".

Kichwa cha unyusi kiache kabisa. Sehemu hiyo ikipanda, uso unakuwa wa huzuni. Ikishuka, wa hasira. Hakuna anayetaka bibi awe na huzuni kwenye picha ya jubilei yake. Wala usizilinganishe nyusi mbili kama pacha. Hakuna uso wenye nyusi sawasawa, na kama bibi amegeuka kidogo, unyusi wa upande wa mbali lazima uonekane mfupi, na upinde wake unyanyuliwe kidogo kuliko wa karibu.

Kisha unene

Njia rahisi inayowavutia wengi ni kutumia `Grow area` kwenye kifaa kile kile ili unyusi uvimbe. Tatizo ni kwamba unavimbisha kila unywele pamoja na nafasi zilizo katikati. Kwa asilimia 10 haionekani. Kwa asilimia 50 nywele zinakuwa kamba. Tena kwenye mkia wa bibi nywele ni chache, kwa hiyo utakachokuza zaidi ni ngozi tupu.

Kinachofaa ni kuongeza nywele, na chanzo bora ni nywele zake mwenyewe. Fungua leya mpya tupu, chukua `Clone`, na uwashe `Sample merged`. Shika Ctrl na ubofye kwenye mwili wa unyusi, pale katikati palipojaa, kisha paka kwenye mkia kwa brashi laini, `Opacity` ikiwa karibu 60. Nywele zinakuja na rangi yake, mng'ao wake na ule mchanga mchanga wa kamera, vitu ambavyo ni vigumu sana kuviiga kwa mkono.

Hapa angalia mwelekeo. Kwenye kichwa cha unyusi nywele zinasimama kwenda juu. Katikati, za juu zinainama kwenda nje na chini, za chini zinapanda kwenda nje, zote zikikutana kwenye mstari wa katikati. Kwenye mkia zinalala kuelekea sikioni. Ukichukua nywele za kichwani ukaziweka mkiani, zitasimama kama majani yaliyopandwa vibaya. Chukua za katikati, na kama bado haziinami vya kutosha, zungusha leya hiyo kidogo kwa `Rotate`.

`Clone` itajaza sehemu kubwa, lakini mapengo machache yatabaki. Hayo ndiyo ya kuchora kwa mkono. Fungua leya nyingine. Chukua `Paintbrush`, `Size` 2, `Opacity` 40, na kwenye `Dynamics` chagua `Fade Tapering` ili kila mstari uanze na unene na uishe na ncha kama unywele halisi. Rangi usichague nyeusi kwenye kisanduku. Tumia `Color Picker` kuchukua rangi tatu ndani ya unyusi wenyewe: giza zaidi, ya kati, na ile ya nywele zinazong'aa. Chora kutoka kwenye shina kwenda kwenye ncha, urefu wa pikseli 60 hadi 80, na usiweke mistari miwili sambamba. Nywele kama 30 au 40 zinatosha mkia mmoja, na tano sita kati yake ziwe za ile rangi inayong'aa. Mwisho weka `Gaussian Blur` ya 0.6 kwenye leya hiyo, kwa sababu lenzi ya simu haitoi mstari mkali kama wa brashi.

Na kama wewe unataka kupunguza badala ya kuongeza? Mantiki ni ile ile, unageuza tu upande. Toa nywele kwenye ukingo wa chini kwa kupaka ngozi ya jirani, lakini tumia `Clone`, siyo `Heal`. `Heal` inachanganya rangi na kilicho karibu, na karibu hapo kuna nywele nyeusi, kwa hiyo itavuta giza kwenye ngozi na kukuachia doa la moshi. Tena usikate ukingo kama kwa wembe. Nyusi za kweli haziishii kwenye mstari. Zinapungua: nywele nyingi, nywele chache, kisha ngozi. Acha mbili tatu zilizopotea njia.

Utajuaje umeharibu?

Punguza picha hadi asilimia 25. Nyusi za kweli zinabaki na sehemu nzito na sehemu nyepesi, na kichwa ni chepesi kwenye ukingo wake. Zilizochorwa zinageuka kipande kimoja chenye weusi sawa. Kisha igeuze picha kushoto kulia kwa `Flip`. Jicho lililozoea kazi yake halioni kosa, lakini uso uliogeuzwa ni kama mgeni, na unyusi uliopanda kupita kiasi utauona mara moja.

Jaribio la tatu linahusu giza. Tazama kope na kitone cheusi cha katikati ya jicho. Nyusi zikiwa nyeusi kuliko hivyo viwili, umepita. Shusha `Opacity` ya leya ya nywele ulizochora taratibu hadi jicho lirudi kuwa kitu cha kwanza unachokiona. Kwa bibi kulikuwa na mvi chache kwenye kichwa cha unyusi. Ziache. Mkia uliojaa nywele nyeusi tupu karibu na kichwa chenye mvi hautaaminika, hivyo baadhi ya nywele zako za mkiani nazo ziwe za kijivu.

Baada ya hapo chapisha kipande kidogo kabla ya picha nzima, kwa sababu karatasi mara nyingi huonyesha giza zaidi kuliko skrini. Mpelekee mtu anayeishi na bibi, umwonyeshe bila kumweleza ulichofanya. Akianza kuzungumzia kitenge au tabasamu, kazi imekwisha. Akitaja nyusi, rudi kwenye leya zako.

Jambo la mwisho: haya yote ni kwa picha ya fremu, na kwa idhini ya mwenye uso. Picha ya pasipoti au kitambulisho usiiguse hata kwa pikseli moja. Kule mtu au mashine italinganisha uso wa pichani na uso uliosimama mbele yake, na tumeshaona pale juu kwamba nyusi ni kati ya alama kubwa tunazotambuana nazo.